Mama Anaposikia “Kunyoa”: Barua ya Binti na Hesabu ya Sentimita Nane

Rasimu ya kwanza ya barua ilikuwa na sentensi sita tu, na ya pili yake ndiyo iliyoharibu kazi: “Naomba ruhusa yako ninyoe nywele kabla shule hazijafunguliwa.” Aliyeiandika ni binti wa jirani yangu, ana miaka 15. Alinijia nayo kwa sababu nimesuka na kukata nywele za watu kwa zaidi ya miaka 20, na kwa sababu mimi na mama yake tunasikilizana. Wote wawili wameniruhusu niielezee hapa bila majina.

Nilimuuliza kama kweli anataka kunyoa. Akashangaa. “Hapana, shangazi. Nataka zipungue tu, zikae vizuri, nisihangaike nazo muhula mzima.” Basi mbona umeandika kunyoa? Akanyamaza, akaisoma tena ile sentensi.

Kunyoa ni wembe au mashine kupita karibu na ngozi. Kukata ni neno pana, linaweza kuwa mengi. Kupunguza ni kutoa kilichozidi na kuacha umbo likibaki. Kusawazisha ni kuondoa ncha zilizopishana bila kugusa urefu wenyewe. Kila siku naona saluni jinsi maneno haya manne yanavyochanganywa na madhara yake: mteja anakaa kitini, anasema “ninyoe kidogo”, na msusi asiyeuliza maswali anashika mashine badala ya mkasi. Katika barua kwa mzazi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna wa kumsahihisha papo hapo. Mama akishasoma “kunyoa”, picha iliyomjia ni ya kichwa kilichobaki wazi, na kila sababu itakayofuata ataisoma huku anaiangalia picha hiyo. Hoja zako zinaweza kuwa nzuri, lakini zinatetea jambo ambalo hukuliomba.

Sentensi ya nne nayo ilikuwa na tatizo lake: “Nywele ni zangu.” Ni kweli. Sina ubishi na hilo, na nadhani mtoto wa miaka 15 ana haki ya kusema lolote kuhusu kichwa chake. Ila tazama anayeisoma ni nani. Mama huyu amekaa nyuma ya kichwa hicho karibu kila wikendi tangu binti akiwa na miaka miwili au mitatu. Ameziosha, amefumua, amechana, amesuka, mara nyingine usiku akiwa amechoka. Ukimwambia nywele ni zako, anachosikia ni kwamba saa zote zile hazikuwa kitu. Wazazi wengi wanaokataa nywele zisipunguzwe hawapingi ufupi. Wanaona kazi yao ya miaka ikiangukia sakafuni, tena kwa ombi la yule waliyemfanyia. Barua isiyoitaja kazi hiyo inaanza ikiwa na deni.

Binti aliifuta. Mahali pake akaandika kitu ambacho sikumfundisha: “Mama, najua umezilea nywele hizi kwa mikono yako. Ninachoomba ni kuondoa sehemu ambayo imeshindwa, ili ile iliyo nzima ibaki.” Hapo ndipo barua ilipopata mada yake halisi, maana nywele zake kweli zilikuwa na sehemu mbili.

Kwa miaka kadhaa alikuwa akiwekwa dawa ya kunyoosha. Dawa ile ni ya alkali kali. Inaingia ndani ya unywele na kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa msokoto wake, na kilichovunjwa hakirudi. Sehemu iliyopata dawa itabaki imenyooka na dhaifu mpaka siku itakapokatwa. Miezi tisa kabla ya barua, mama mwenyewe aliamua dawa isimame, kwa sababu ngozi ya kichwa ilikuwa inaungua. Tangu hapo mizizi imekuwa ikitoa nywele za asili, za kipilipili, huku ncha zikibaki zile za zamani. Kwa hiyo kila unywele una vipande viwili vya tabia tofauti vilivyoungana mahali pamoja, na mahali hapo ndipo panapokatika. Kipande cha juu kinajikunja, cha chini kinaning’inia, chanuo likipita nguvu yote inaishia kwenye kiungo.

Nilimkalisha kiti cha jikoni, nikamnyunyizia maji nusu ya kichwa. Huhitaji kifaa kingine kuona jambo hili. Katika dakika moja hivi sehemu mpya ilijikunja na kupanda kuelekea ngozi, na ile ya zamani ikabaki imelala kama nyuzi zilizolowa. Mpaka ulionekana wazi, kama mstari wa maji ukutani baada ya mafuriko. Alijitazama kwenye kioo kidogo kwa muda mrefu bila kusema neno. Miezi yote hiyo alikuwa anadhani nywele zake ni “mbaya” tu.

Nikampa kazi mbili za kufanya nyumbani kabla ya kuandika tena.

Ya kwanza ilikuwa kuchana juu ya kitambaa cheupe na kuzitazama nywele zilizoanguka, moja moja. Watu wengi wanapoona nywele kwenye chanuo huhesabu zote kuwa ni hasara, na sivyo. Kichwa chenye afya hudondosha kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na kama zilikuwa zimesukwa kwa wiki mbili, zile zilizodondoka hubaki zimenaswa mpaka siku ya kufumua, ndipo zinatoka kwa wingi na kumtisha mtu bure. Tofauti iko kwenye ncha. Unywele uliodondoka wenyewe una kijinundu cheupe upande uliokuwa kwenye ngozi, na urefu wake ni kamili. Uliokatika hauna kijinundu upande wowote, na kwa kawaida ni mfupi. Yeye alikuta vipande vingi visivyo na kijinundu, na vingi vilikuwa na urefu unaokaribiana, vyote vimenyooka. Maana yake vilikuwa vinakatikia mahali pale pale, kwenye kiungo.

Alichukua unywele mmoja mzima, wenye kijinundu chake, akaubandika kwa gundi ya karatasi chini ya barua. Pembeni akabandika kipande kilichokatika. Akaandika maneno machache: “Huu umeanguka. Huu umekatika.” Nimesoma barua nyingi za watoto kwa wazazi, maana saluni watu huja na mambo yao yote, na sijawahi kuona ushahidi uliowekwa vizuri namna ile. Mama asingehitaji kumwamini binti wala kuniamini mimi. Angeweza kuinua karatasi kwenye mwanga akajionea.

Kazi ya pili ilikuwa kupima. Hapa ndipo maombi mengi ya aina hii huharibika hata baada ya ruhusa kutolewa. Binti alitaka kuandika, “Zitabaki fupi kiasi tu.” Fupi kiasi ni urefu gani? Kila mtu ana wake. Nikamwambia achukue rula, avute unywele mmoja taratibu mpaka unyooke, apime kutoka kwenye ngozi hadi mpaka wa dawa, sehemu tatu za kichwa. Mbele ya utosi alipata sentimita 8. Kati alipata 8. Kisogoni aliandika 8 pia, jambo lililonitia shaka kidogo, lakini sikumwambia, kwa kuwa kisogo chako mwenyewe hakipimiki kirahisi.

Sentimita 8 kwa miezi tisa inaendana na ninachokijua. Nywele za kichwani huota kama sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo ya hapo. Ila kuna mtego ambao barua lazima iutaje mapema: sentimita 8 zilizovutwa si sentimita 8 zinazoonekana. Nywele za kipilipili zikikauka zenyewe hujikunja hadi nusu ya urefu wake, au chini ya nusu. Mama akiahidiwa 8 kisha akamwona binti anarudi na nywele zinazoonekana 3 au 4, atasema amedanganywa, na atakuwa na sababu. Nimeshuhudia ugomvi wa namna hiyo mlangoni mwa saluni, mtoto akiwa amesema kweli kabisa na mama akiwa ameona kweli kabisa. Kwa hiyo binti aliandika vipimo viwili: “Zikivutwa, 8. Zikikauka zikiwa huru, kama vidole viwili.” Kipimo cha vidole viwili kina nguvu, kwa kuwa mama anaweza kuviweka kichwani mwa mwanawe pale pale.

Sasa kuna sentensi moja niliyobishana naye. Alikuwa ameandika kwamba nywele zikikatwa zitaota haraka na kuwa nzito zaidi. Aliisikia kwa watu, na kila mtu ameisikia. Si kweli. Unywele hukua kwenye mzizi, ndani ya ngozi. Sehemu tunayoiona nje haina uhai na haipeleki habari yoyote kwenye mzizi. Ukikata ncha, mzizi haujui. Zinazoonekana nzito ni ncha butu zilizokatwa sawasawa mahali pa ncha zilizochongoka kwa kuchakaa.

Akaniuliza, “Sasa shangazi, nikiitoa hii si nimepoteza hoja kubwa?” Hapana. Sababu ya kweli ni bora kuliko ile. Nywele zake hazikuwa zimeacha kuota, zilikuwa zinaota juu na kukatika chini kwa kasi inayokaribiana, ndiyo maana kwa mwaka mzima urefu ulionekana umesimama palepale. Sehemu inayokatika ikiondolewa, kinachoota kitabaki, na kitaanza kuonekana. Kasi ni ile ile, hasara ndiyo inayopungua. Hoja hii mama anaweza kuipima mwenyewe baada ya miezi mitatu, na rula ile ile. Ile ya uongo ingefikia mwezi wa pili ikamfedhehesha mtoto, na ombi lake linalofuata lingeanza na mashaka.

Kuhusu wenzake darasani, nilimshauri asiwataje kabisa. “Wote wamekata” ni sentensi inayomfanya mama aanze kuhesabu wale ambao hawajakata, na daima wapo. Kanuni za shule vivyo hivyo: kama shule imeandika urefu unaotakiwa, bandika karatasi ya kanuni, kama haikuandika, usiitume ikuombee.

Kilichobaki kilikuwa neno “nadhifu”. Vijana hulitumia kama tayari limejieleza, kana kwamba nywele fupi ni nadhifu kwa sababu ni fupi. Msusi yeyote atakwambia kwamba mkato mfupi ndio unaochoka haraka. Nywele za sentimita 20 zikiongezeka sentimita 1 hakuna atakayeona. Kisogo kilichopunguzwa hadi milimita 6, yaani namba 2 ya mashine, kikiongezeka sentimita 1 kimebadilika umbo kabisa. Pande za kichwa na kisogo vitahitaji kurekebishwa kila baada ya wiki tatu au nne, na muhula wa miezi mitatu una marekebisho matatu ndani yake. Mama anayejua mambo atauliza: nani atayafanya, na kwa wakati gani? Barua isiyo na jibu hapo imeomba jambo moja na kuficha jingine.

Tukabadilisha mkato wenyewe kwa sababu hiyo. Awali alitaka kando na kisogo viwe vifupi sana na juu pabaki na urefu. Mkato mzuri, ila ni wa mtu anayeweza kwenda saluni mara kwa mara. Nilimwonyesha njia nyingine: juu kubaki sentimita zote 8, kando na kisogo kupungua taratibu kwa mkasi hadi kama sentimita 4, na mashine iguse tu ukingo wa shingo. Tofauti kati ya juu na chini ikiwa ndogo, nywele hukua pamoja na umbo hudumu. Kazi ya mwezi inabaki ni ukingo wa shingo tu, dakika kumi hivi. Na hapo kwenye ukingo niliongeza tahadhari aandike: mashine isishuke chini ya namba 1, yaani kama milimita 3, na wembe usitumike. Nywele zilizojikunja zikikatwa karibu sana na ngozi hujirudi na kuchoma ngozi zikiwa zinaota, ndivyo vinavyotokea vile vipele vya kisogoni vinavyowasha wiki nzima. Alikuwa na historia navyo kidogo, na mama yake anaikumbuka vizuri kuliko yeye.

Kisha tarehe. Rasimu ya kwanza ilisema “kabla shule hazijafunguliwa”, na kichwani mwake ilimaanisha siku moja kabla, kama wafanyavyo wengi. Siku hiyo saluni zimejaa, msusi ana haraka, na likitokea kosa hakuna muda wa kulirekebisha. Wiki mbili kabla ni bora zaidi. Nywele hazitaongezeka zaidi ya nusu sentimita, kwa hiyo umbo halipotei, lakini kuna nafasi ya kuzizoea, kuona zinavyokaa zikioshwa nyumbani, na kurudi kama upande mmoja umebaki mrefu.

Na hizo wiki mbili zilitoa kitu kingine, ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichoibeba barua. Kinachomzuia mzazi ni kwamba mkasi haurudi nyuma. Akikubali leo na kesho akajuta, hana la kufanya. Basi kwa nini aombwe akubali yote kwa mara moja? Binti aliandika kwamba wakate kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza itoe sehemu kubwa ya nywele za dawa na kuacha sentimita 2 za ziada chini ya mpaka. Wakae nazo wiki moja. Mama akiona ziishie hapo, ziishie hapo, na zile 2 zitaondolewa kidogokidogo katika muhula. Akiridhika, awamu ya pili imalizie. Kwa upande wa kazi ya mikono hakuna hasara yoyote, hata mimi ndivyo ningefanya kwa mteja mwenye wasiwasi, kwa kuwa ukikata ukiwa na akiba unaweza kurekebisha umbo, na ukikata mpaka mwisho huwezi.

Kuna watakaosema haya yote ni mengi mno kwa ajili ya nywele, na kwamba mtoto anapaswa kuomba kwa mdomo na kukubali jibu atakalopewa. Sikubaliani nao. Kwa mdomo alishaomba mara tatu, na mara zote tatu mazungumzo yaliishia kwenye “tutaona”, kwa sababu mama alikuwa anaulizwa akiwa na kazi mikononi na hakuwa na chochote cha kupima. Barua ilimpa muda wa kufikiri bila mtu kumsimamia. Wala haikumlazimisha. Ukiitazama vizuri, karibu kila sentensi ilimwachia kitu cha kuhakiki: unywele uliobandikwa, mpaka unaoonekana kwa maji, urefu wa kuvuta, vidole viwili. Anayetaka kumshinda mtu kwa maneno hampi njia za kumkosoa. Binti huyu alimpa mama yake njia nne.

Rasimu ya mwisho ilijaza ukurasa mmoja. Ilianza na “Shikamoo mama”, ikaenda kwenye shukrani, kisha unywele uliobandikwa, vipimo, mkato, marekebisho ya kila mwezi ambayo binti alisema atayafuatilia yeye mwenyewe, awamu mbili, na tarehe. Mwisho aliandika: “Kama unaona nimepima vibaya, naomba unipime wewe.” Nilitaka kumwambia aifute, nikaona ina sauti ya kumjaribu mama. Nashukuru sikumwambia.

Siku mbili zilipita bila jibu. Siku ya tatu asubuhi alikuta karatasi yake mezani, ikiwa na rula juu yake. Pembeni ya vipimo, neno “kisogo 8” lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Chini yake mama alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mdogo: “Kisogo ni 6, nimepima ulipokuwa umelala. Kwa hiyo kando na kisogo zisishuke chini ya 5. Awamu ya kwanza Jumanne. Nitakuja nawe, na rula naichukua mimi.”

Jumanne walikuja wote wawili. Nilimwagia maji nywele, mpaka ukajitokeza, na mama akasogeza kiti chake nyuma ya kichwa cha binti, mahali pake pa siku zote, akaweka rula kisogoni na kuniambia, “Anzia hapa.”